Pale Moja Inapokuwa Sifuri kwa Kufumba na Kufumbua

(Hotuba kwa mafundi wa umeme na wanafunzi wa elektroniki, Busia, upande wa Uganda)

Wazee wangu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Mafundi wenzangu wa Busia, Tororo na Malaba, na ninyi vijana wa chuo mliobanana kule karibu na mlango, habari za mchana. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu humu ndani tuko Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda na wageni waliovuka mpaka asubuhi, na Kiswahili ndicho tunachokutana nacho sokoni na kwenye kazi. Nimefurahi, maana hata mimi nilipokuwa natafuta ugonjwa wa bodi hii niliyoishika mkononi, nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili.

Leo nitazungumza juu ya bodi hii moja tu. Ilikuwa imefungwa kwenye pampu ya kisima katika shule moja ya bweni, si mbali na hapa. Shule ina stima ya gridi na ina jenereta. Kazi ya bodi ni ndogo. Mtu akibonyeza kitufe cha kuanzisha pampu, bodi inakumbuka kwamba pampu imeamriwa kufanya kazi. Amri hiyo inabaki mpaka tangi lijae, au mpaka chanzo cha umeme kinachotumika kiharibike. Bodi yenyewe inakula volti 5 kutoka kwenye betri, kwa hiyo stima ikiondoka, bodi haifi.

Mlinzi wa shule alikuwa na mazoea mazuri. Akiona taa zinafifia jioni, hasubiri stima ikatike. Anawasha jenereta, anaiacha itulie, halafu anageuza swichi ya chenjova kutoka stima kwenda jenereta. Pampu inapoteza umeme kidogo wakati kontakta zinabadilishana, kisha inapaswa kurudi yenyewe kwa sababu amri bado imekumbukwa. Na ilirudi. Lakini siku nyingine haikurudi. Mlinzi anaondoka akijua pampu inaendelea, na alfajiri watoto mia kadhaa wanaamka, tangi tupu. Nililaumiwa, na haki yao walikuwa nayo, maana bodi niliichora mimi.

Nilianza kutafuta pale ambapo kila fundi angeanza. Nikashuku jenereta inapiga kelele kwenye nyaya. Nikaweka kapasita za nF 100 kwenye pini za umeme za kila chipu, ambazo kwa kweli zilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Haikusaidia. Nikashuku mitetemo ya swichi, lakini swichi ile nilikuwa nimeisafisha kwa mageti mawili ya NAND yanayoshikana mkono, na ilikuwa safi. Kilichonifungua macho ni neno la mlinzi mwenyewe. Aliniambia, "Fundi, nikirudi kutoka jenereta kwenda stima haijawahi kukataa hata siku moja. Inakataa tu nikienda jenereta." Kelele haijui mwelekeo. Kitu kinachotokea upande mmoja wa safari na kisitokee upande wa pili kimekaa ndani ya mchoro.

Sasa tuangalie mchoro wenyewe. Kuna ishara tatu. A ni swichi: ikiwa 1 tumechagua stima, ikiwa 0 tumechagua jenereta. B ni kihisio cha stima: 1 maana yake stima ni nzuri. C ni kihisio cha jenereta: 1 maana yake jenereta ni nzuri. Ninachotaka kujua ni kama chanzo nilichokichagua ni kizuri. Kwa hiyo:

```
F = AB + A'C
```

Isomeke hivi: tumechagua stima na stima ni nzuri, au hatukuchagua stima na jenereta ni nzuri. Kialama kile kwenye A' ni kinyume cha A. Geti linalotengeneza kinyume Waingereza wanaliita inverta, jina lile lile mnaloliita lile sanduku la betri la nyumbani, kwa hiyo mimi leo nitaliita geti la kinyume, tusichanganyikiwe.

F inakwenda kwenye pini ya CLR ya chipu 74HC74, ambayo ni flipuflopu, yaani kumbukumbu ya biti moja. Kitufe cha kuanzisha kinaiweka 1 kupitia pini ya PRE. CLR inafanya kazi ikiwa chini: F ikiwa 1, kumbukumbu inaachwa kwa amani, F ikishuka kuwa 0, amri ya pampu inafutwa papo hapo, bila kusubiri saa wala ruhusa ya mtu.

Niliijenga F kwa chipu moja tu ya 74HC00, ambayo ina mageti manne ya NAND yenye miguu miwili ya kuingilia. Mnajua NAND inatoa 0 pale tu miguu yake yote ya kuingilia inapokuwa 1, na inaweza kufanya kazi zote. Geti la kwanza nikaliunganisha miguu yake yote miwili pamoja, likawa geti la kinyume, likatoa A'. La pili likachukua A na B. Tokeo lake naliita P. La tatu likachukua A' na C. Tokeo lake naliita R. La nne likachukua P na R likatoa F. Mageti manne, chipu moja, hakuna kilichobaki. Niliona nimepiga hesabu vizuri sana.

Ukichukua jedwali la kweli na kulipima mstari kwa mstari, mistari yote minane ni sahihi. Nililipima kwenye bredibodi kwa taa za LED kabla ya kuchoma risasi, na kila mstari ulikuwa sawa. Hapo ndipo jedwali la kweli linapotudanganya, au tuseme hatulielewi. Jedwali linasema F itakuwa nini baada ya kila kitu kutulia. Halisemi neno lolote juu ya kinachotokea katikati ya mstari mmoja na mwingine.

Chukueni hali ya yule mlinzi. Stima ni nzuri bado, B ni 1. Jenereta imetulia, C ni 1. Anageuza swichi, A inatoka 1 kwenda 0. Kabla ya kugeuza, F ni 1 kwa sababu ya AB. Baada ya kugeuza, F ni 1 kwa sababu ya A'C. Jedwali linasema moja, kisha moja. Lakini nani aliyeishika hiyo moja wakati wa makabidhiano?

Geti la 74HC00 kwa volti 5 linachelewa takribani nanosekunde 8 kati ya kuingia na kutoka. Hiyo ni thamani ya kawaida. Kiwango cha juu kabisa kinachoandikwa kwenye datashiti ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tutumie 8 kwa kila geti, tufuate habari inavyosafiri tangu A ilipoanguka:

```
ns    A   A'   P   R   F
 0    0   0    0   1   1
 8    0   1    1   1   1
16    0   1    1   0   0
24    0   1    1   0   1
```

Someni polepole. Kwenye nanosekunde ya 8, geti la P limeshasikia kwamba A imeanguka, likaachia. P sasa ni 1. Lakini geti la R lilikuwa halisikilizi A, linasikiliza A', na A' ndiyo kwanza imefika muda ule ule wa 8. R inahitaji nanosekunde nyingine 8 ili iitikie. Kwa hiyo kati ya 8 na 16, P ni 1 na R ni 1, wote wawili wameachia, na geti la mwisho halina budi kusema 0. Linasema 0 tangu 16 hadi 24. Nanosekunde 8, sawasawa na uchelewaji wa geti la kinyume, si zaidi si pungufu.

Ni kama wachukuzi wawili wanaopokezana gunia. Wa kwanza aliambiwa "achia" na mwenye mali mwenyewe, wa pili aliambiwa "pokea" na mtu aliyetumwa. Aliyetumwa amechelewa hatua moja, gunia limegusa chini.

Huo mguso ndio glichi. Na ule udhaifu wa mchoro unaoruhusu glichi itokee unaitwa hatari tuli. Tuli kwa sababu tokeo lilipaswa kutulia palepale. Kwa kuwa lilipaswa kutulia kwenye 1, ni hatari tuli ya 1. Nawaomba mtofautishe maneno haya mawili. Hatari iko kwenye mchoro siku zote, hata bodi ikiwa kabatini. Glichi ni tukio, linaweza kuja leo lisije kesho.

Sasa neno la mlinzi. Mbona upande wa kurudi haukatai? Fuateni tena: A inatoka 0 kwenda 1. Kwenye 8, P inashika kwa kuwa 0. R inaachia kwenye 16 kwa sababu ilisubiri habari kupitia geti la kinyume. Safari hii aliyechelewa ni yule anayeachia, kwa hiyo kuna nanosekunde 8 ambazo wote wawili wameshika gunia. F haitikisiki. Mlinzi yule hakusoma elektroniki, lakini alikuwa ameupima mzunguko wangu vizuri kuliko mimi.

Na kwa nini ilikataa siku nyingine tu? Datashiti ya 74HC74 inataka CLR ikae chini walau nanosekunde 16 au 20 hivi kwa volti 4.5, kutegemea aliyeitengeneza, ndipo inakuahidi kwamba itafuta. Ukiipa nanosekunde 8, haikuahidi kufuta, na haikuahidi kutofuta. Itategemea joto la siku, volti ya betri, urefu wa waya, na chipu yenyewe ilitoka fungu gani. Ndiyo maana ugonjwa huu unachosha. Nyumbani kwangu niliigeuza swichi mara ishirini mfululizo hakuna kitu, kisha ikafuta mara mbili pamoja.

Nije kwenye namna ya kuuona, kwa sababu wengi wetu hapa hatuna oskiloskopu ya maana. Ile ya kuazima niliyokuwa nayo ilikuwa ya megahezi 20. Oskiloskopu ya namna hiyo yenyewe inahitaji kama nanosekunde 17 kupanda kutoka chini hadi juu. Kitu cha nanosekunde 8 inakionyesha kama kijimlima kidogo ambacho utakipuuza ukidhani ni kelele ya probu. Nilikipuuza. Ya megahezi 100 inapanda kwa nanosekunde 3.5, hiyo ingekiona.

Lakini kuna njia ya fundi asiye na chombo. Kama kitu ni kidogo hukioni, kikuze. Nilichukua chipu ya 74HC04, ambayo ina mageti sita ya kinyume, nikayaunga yote sita mfululizo, nikaukata waya wa A' unaokwenda kwenye geti la R, nikayapachika hapo katikati. Mageti sita ni namba shufwa, kwa hiyo kinyume cha kinyume kinarudi palepale, na jedwali la kweli halibadiliki hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba A' sasa inachelewa nanosekunde 48 zaidi. Glichi ikanenepa kutoka 8 hadi 56. Nikageuza swichi: amri ikafutwa. Nikaigeuza tena: ikafutwa. Kila mara, upande wa kwenda jenereta. Upande wa kurudi, hata mara moja haikufutwa. Ugonjwa uliokuwa unakuja na kuondoka ukawa unakuja kila nikiuita, na ugonjwa unaoitika ukiitwa umeshakuwa nusu ya kupona.

Sitawaficha majaribio mawili niliyoyafanya kabla ya kupata dawa, kwa sababu nayaona kwenye bodi nyingi zinazoletwa kwangu.

La kwanza ni kuweka kapasita kwenye waya wa CLR ili iimeze glichi. Niliweka ya nF 100. Glichi ikamezwa kweli. Lakini geti la HC lina ukinzani wa ndani wa makumi ya omu. Ukichukua omu 50 na nF 100 unapata mikrosekunde 5. Sasa kila F inapopanda au kushuka kwa halali, inajikokota. Pini za chipu hizi zinataka ishara ivuke kwa muda usiozidi nanosekunde 500 hivi kwa volti 4.5. Ya kwangu ilikuwa karibu mara kumi ya hapo. Ishara inayojikokota katikati ya 0 na 1 inaweza kuifanya pini ya CLR itetemeke juu na chini, na nikawa nimeondoa ugonjwa mmoja nikapanda mwingine. Kapasita ndogo ya pF 100 haijikokoti, lakini pia haimezi kwa uhakika.

La pili lilionekana la akili zaidi. Nikasema, kama A' imechelewa, basi nami niicheleweshe A kwenye njia ya P, tuwe sawa. Nikaweka mageti mawili ya kinyume kwenye mguu wa A. Upande wa kwenda jenereta ukapona! Nikaenda kulala na furaha. Kulipokucha nikakaa na karatasi, nikafuata mwelekeo wa pili: A inapanda, A' inaanguka kwenye 8, R inaachia kwenye 16, na P haishiki mpaka 24. Nanosekunde 8 zilezile, zimehamia upande wa kurudi. Nilikuwa nimelihamisha shimo, sikulifukia. Na hata ungeweza kusawazisha njia mbili ziwe sawa kabisa leo, kesho chipu ikipata joto au ukibadilisha na ya kampuni nyingine, usawa umekwenda.

Kosa la majaribio yote mawili ni kwamba yanapambana na muda. Dawa yenyewe haigusi muda kabisa.

Mnaikumbuka ramani ya Karnaugh, aliyoitoa Maurice Karnaugh mwaka 1953. Tuichore ya F:

```
         BC
       00  01  11  10
A=0     0   1   1   0
A=1     0   0   1   1
```

Tulivyofundishwa darasani, unazungushia moja hizi kwa duara chache iwezekanavyo. Mbili zinatosha. Zile moja mbili za mstari wa juu ni A'C. Zile mbili za mstari wa chini ni AB. Kila moja imezungushiwa, tumemaliza, mwalimu anakupa alama.

Lakini weka kidole chako kwenye safu ya 11. Pale ndipo mlinzi anaposimama, B ni 1 na C ni 1. Kidole kiko chini, kwenye A=1. Sasa kisogeze juu, kwenye A=0. Umetoka moja kwenda moja, vyumba jirani kabisa, lakini umevuka ukuta: umetoka kwenye duara la AB ukaingia duara la A'C. Pale unapovuka kutoka duara moja kwenda jingine bila duara la tatu linalozishika moja zote mbili, hapo ndipo hatari ilipo. Huhitaji hesabu ya nanosekunde, huhitaji oskiloskopu. Unaangalia ramani, unatafuta moja mbili zinazopakana ambazo hazimo pamoja kwenye duara lolote.

Basi zungushia hizo mbili za safu ya 11. Duara hilo ni BC. A haimo.

```
F = AB + A'C + BC
```

Kijana wa chuo ataniambia, "Lakini mwalimu, BC haina kazi." Kwa jedwali la kweli ana haki, na nitamthibitishia. BC ni sawa na BC(A + A'), yaani ABC + A'BC. ABC imeshamezwa na AB, na A'BC imeshamezwa na A'C. Neno hili haliongezi chumba chochote kipya kwenye ramani. Ndiyo maana linaitwa neno la ziada, na ndiyo maana tunafundishwa kulifuta. David Huffman, mwaka 1957, ndiye aliyeandika kwa uwazi namna ya kujenga saketi zisizo na hatari hizi, na kiini chake ni hicho: kila jozi ya moja zinazopakana ipate neno linaloishika yote.

Angalieni linavyofanya kazi. B ni 1, C ni 1, basi NAND ya B na C inatoa 0, na imetulia pale. Swichi igeuzwe, isigeuzwe, geti hilo halisikii, kwa sababu A haikuunganishwa kwake. Sifuri moja ikiingia kwenye NAND ya mwisho, tokeo ni 1, hata kama P na R zote zimeachia. Yule mchukuzi wa tatu ameshika gunia muda wote wa makabidhiano, na hajali nani amechelewa. Iwe nanosekunde 8, iwe 56, iwe sekunde nzima.

Kwenye bodi, mabadiliko yalikuwa hivi. Chipu ya 74HC00 ilikuwa na mageti manne: la kinyume, la P, la R, na la mwisho. Lile la mwisho nikalifanya kuwa la B na C. Kazi ya mwisho nikaipa chipu mpya ya 74HC10, ambayo ina mageti matatu ya NAND yenye miguu mitatu kila moja; nikatumia moja, na miguu ya yale mawili yasiyotumika nikaifunga kwenye volti 5 isielee. Chipu moja zaidi, nilinunua Luthuli Avenue pale Nairobi siku niliyokuwa na safari nyingine. Kisha nikaacha yale mageti sita ya 74HC04 palepale kwenye njia ya A', kwa makusudi, nikageuza swichi. Haikufuta. Nikageuza mpaka kidole kikachoka. Haikufuta.

Ukijenga kwa jumla zinazozidishwa, yaani (A + C)(A' + B), mambo yanageuka: hatari inakuwa ya 0, inatokea B na C zikiwa 0, na dawa ni kuongeza (B + C). Sitakaa hapo, mkishaelewa hili la kwanza mtalichora wenyewe.

Ninapotaka kukaa kidogo ni kwenye mipaka ya dawa hii, kwa sababu mtu akiondoka hapa akadhani neno la ziada linaponya kila kitu, nitakuwa nimemdhulumu.

Dawa inaponya pale ishara moja tu inapobadilika. Tuseme stima inakatika wakati uleule swichi inageuzwa: A inatoka 1 kwenda 0, na B nayo inatoka 1 kwenda 0, C imebaki 1. Mwanzo F ni 1, mwisho F ni 1. Lakini kama B imeanguka kwanza, kwa muda fulani A ni 1 na B ni 0, yaani tumechagua stima na stima haipo. F hapo ni 0 kwenye jedwali lenyewe. Hilo si kosa la mageti, ni kweli tupu, na BC haiwezi kusaidia maana B yenyewe imeondoka. Hakuna neno utakaloongeza likaondoa hilo bila kubadilisha maana ya F. Hatari ya aina hiyo imo ndani ya kazi unayoiomba, haimo kwenye namna ulivyoijenga. Kwa chenjova ya otomatiki, ambayo inageuza kwa sababu stima imekatika, hiyo ndiyo hali ya kila siku, na pale lazima ufikirie upya: ama amri isifutwe mpaka F ikae chini kwa muda uliouchagua, ama F isomwe kwa saa.

Na hapo niwaambie wanaojenga saketi zenye saa: msijaze maneno ya ziada kila mahali. Flipuflopu inayosoma D kwa mpigo wa saa haijali F ilitikisika vipi, mradi imetulia kabla saa haijapiga. Glichi inadhuru pale tokeo la mageti linapokwenda moja kwa moja kwenye CLR, PRE, kwenye pini ya saa yenyewe, au linaporudi nyuma kujishikilia lenyewe. Leo ningekuwa naichora bodi hii upya ningejiuliza kwanza kama F ina sababu ya kugusa CLR. Kwa bodi hii isiyo na saa, niliona neno la ziada ni jibu la haki.

Vijana mnaoandika saketi kwa kompyuta, jihadharini: programu inayopunguza mageti ikiona AB + A'C + BC italifuta BC bila kukuuliza, kwa sababu yenyewe inaangalia jedwali la kweli tu. Lazima uiambie iliache.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi mnaotengeneza vitu baada ya sisi kuondoka. Geti la BC likifa, likakwama kwenye 1, jedwali la kweli halibadiliki. Fundi atakuja na multimita, atapima mistari yote minane, yote sahihi, atasema bodi ni nzima. Ugonjwa wa zamani utakuwa umerudi na hakuna kipimo cha kutulia kitakachouona. Kwa hiyo kwenye bodi hii sikuitoa ile 74HC04. Niliweka kiunganishi cha kusogeza cha pini tatu: kikiwa kushoto, A' inapita moja kwa moja, kikiwa kulia, inapitia mageti sita. Pembeni nimeandika kwa kalamu ya wino: "KULIA KUPIMA. ANZISHA, GEUZA KWENDA JENERETA. IKIFUTA, GETI LA BC LIMEKUFA."

Bodi iko hapa mezani na betri yake, B na C nimezifunga kwenye 1, kiunganishi kiko kulia. Kuna waya mwekundu wa BC unaoweza kuuchomoa. Ukiuchomoa, funga mguu huo kwenye volti 5. Wa kwanza aje ageuze swichi.